Tawi Lililoitwa "Inaendelea"

Slaidi za mhadhara wa kutokwa damu baada ya kujifungua zilikuwa hazina mwisho, na kesho yake nilikuwa naanza zamu wodi ya wazazi. Nikaketi chumbani kwetu Milanzi kuzigeuza kuwa ramani ya mawazo: mada katikati, kila kichwa cha slaidi tawi kuu. Karatasi ikajaa. Matawi matatu yaliitwa "Inaendelea". Mwalimu yule, Mungu anamwona!

Mwenzangu wa chumba, naye mwanafunzi wa ukunga, akaitazama. "Haya, mama anavuja damu sasa hivi. Unaanzia tawi gani?"

Nikachukua karatasi nyingine. Safari hii matawi makuu yakawa sababu nne: mji wa mimba kulegea, kuchanika, mabaki ya kondo la nyuma, damu kutoganda. Chini ya kila moja nikaweka dalili na cha kufanya.

Kisha nikarudi karatasi ya kwanza kutafuta mji wa mimba kulegea, sababu inayotokea mara nyingi kuliko zote. Nilikuwa nimeining'iniza pembeni kabisa, chini ya "Inaendelea" ya tatu.

Nyumbani kijijini Kaengesa, dada yangu alikuwa anasubiri uchungu. Nyumba nzima ilishamwambia asiogope, mimi nipo.