Ada ya Bibi

Dereva mmoja wa lori la masafa marefu wenzake walimpachika jina la Taratibu, na jina lilimkaa kama shati lililoshonwa kwa vipimo vyake. Aliendesha taratibu, alikula taratibu, hata ukimsalimia ilibidi usubiri kidogo. Matairi aliyagonga moja moja kwa nyundo, akisikiliza mlio wa kila moja kabla ya kuliamini. Katika kazi yake yote hakuwahi kupindua mzigo.

Alikuwa na mke msusi, mwenye kibanda cha viti viwili na kioo kirefu, na binti mmoja aliyekuwa akikaribia mtihani wa kumaliza shule. Binti alirithi jina la mama mzazi wa Taratibu. Kwa kuwa mwana hawezi kumwita mama yake kwa jina, nyumbani mtoto akaitwa Bibi tangu siku ya kwanza. Majirani wakamwita Bibi, na muuza duka akamkopesha sukari kama Bibi. Mgeni akisikia "Bibi kapanda juu ya paa," alishtuka kwanza.

Muhula uliopita Taratibu alikwama mpakani na lori, ada ikachelewa, na Bibi akarudishwa nyumbani na begi lake. Safari hii shule ilitoa onyo: asiyekamilisha ada haingii chumba cha mtihani. Mhasibu wa shule akakubali walipe kwa mafungu, kila mwezi fungu moja, na asiyedaiwa fungu lililopita ataruhusiwa kuingia. Msusi akamwambia mumewe, "Nenda benki wakukatie wenyewe kila mwezi. Wewe ukiwa porini huko, mimi nisianze kukimbizana na mtandao wa simu."

Taratibu akaenda. Afisa aliyemhudumia alikuwa dada mwenye miwani na sauti ya upole, akamwekea mbele fomu ya agizo la kudumu.

"Baba, hapa unaiagiza benki itoe pesa kwenye akaunti yako na kuipeleka shuleni bila wewe kuja tena. Tutafanya kama ulivyoandika, kwa hiyo tuandike vizuri. Jina la akaunti ya shule na namba yake unazo?"

Taratibu alitoa kipande cha karatasi. Afisa akaisoma namba kwa sauti, Taratibu akaifuatisha kwa kidole, wakarudia. Kiasi kikaandikwa kwa tarakimu na kwa maneno.

"Tarehe gani kila mwezi?"

"Siku ya mshahara."

"Mshahara wako huingia saa ngapi?"

"Mchana mchana hivi."

"Basi tuweke siku inayofuata. Maagizo haya hupita asubuhi na mapema. Yakikuta akaunti tupu, malipo hayaendi, na unakatwa gharama juu yake."

Taratibu akaitikia kwa kichwa, kwa heshima. Hilo lilikuwa jambo la kidereva kabisa: usiondoke kabla mzigo haujapakiwa.

"Mpaka lini?"

"Mpaka amalize shule."

"Benki haijui kumaliza shule, baba. Inajua tarehe."

Wakaandika tarehe ya fungu la mwisho. Kikabaki kisanduku kimoja, cha maelezo ya malipo.

"Hapa ndipo shule itajua pesa ni ya nani," afisa alisema. "Mwanafunzi hana namba ya usajili?"

"Ipo kwenye barua, nyumbani."

"Unaweza kuifuata. Mimi nipo."

Taratibu akatazama saa ya ukutani. Lori lilikuwa limeshapakiwa, na bosi alishapiga simu. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akaharakisha.

"Andika Ada ya Bibi."

"Bibi?"

"Ndiyo. Wote wanamjua."

Afisa alimtazama juu ya miwani, akaandika kama alivyoagizwa. Taratibu akasaini, sahihi ikalinganishwa na ile ya benki, akapewa nakala yake, akaondoka akiwa amejiridhisha.

Agizo likafanya kazi bila kasoro. Kila mwezi, siku moja baada ya mshahara, fungu lilitoka na ujumbe ukaingia kwenye simu ya Taratibu popote alipokuwa. Aliusoma, akatabasamu, akaongeza gia.

Ijumaa kabla ya Jumatatu ya mtihani, Bibi alirudi nyumbani na begi lake. Jina lake lilikuwa ubaoni, miongoni mwa wasiolipa hata fungu moja. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akajitazama kiooni. Msusi alimwacha mteja na kichwa nusu, akampigia mumewe.

"Baba Bibi, pesa ya mtoto iko wapi?"

"Imekwenda! Ujumbe ninao hapa."

"Imekwenda wapi? Shuleni wanasema hawajaona kitu."

Msusi alikwenda benki na chanuo bado limechomekwa kichwani. Dada wa miwani alimkaribisha vizuri na kumnyima vizuri. "Samahani, mama. Akaunti ni ya baba. Hata kukwambia kilichomo siwezi, sembuse kubadilisha agizo. Lakini yeye anaweza kuingia tawi letu lolote akiwa na kitambulisho."

Msusi akatoka, akapiga simu tena pale pale kwenye ngazi. "Egesha lori. Tafuta tawi lao huko uliko. Halafu nijibu: siku ile, kwenye maelezo, uliandika nini?"

Taratibu akaegesha kwanza, akazima injini, ndipo akajibu.

"Niliandika Ada ya Bibi."

"Ya nani?"

"Ya Bibi. Si ndiyo jina lake?"

"Baba Bibi wewe! Bibi ni wa nyumbani kwako. Shuleni nani anamjua Bibi?"

Mteja mwenye kichwa nusu, aliyekuwa amemfuata hadi benki amejifunga kilemba, akaangua kicheko. Msusi hakucheka. Alikwenda moja kwa moja kwa mhasibu wa shule, mzee mkavu mwenye kalamu mbili mfukoni.

"Baba, kuna pesa yoyote iliyoandikwa Ada ya Bibi?"

Kalamu ya mhasibu ikasimama hewani. "Hiyo ni yenu? Mama, mimi benki hunionyesha maelezo tu, jina la mtumaji sioni. Nimemtafuta huyo bibi mpaka jikoni. Mpishi mkuu kaninunia hadi leo, kadhani namwita mzee." Akageuza kompyuta: mafungu yote yalikuwepo, yamewekwa pembeni na malipo yasiyo na mwenyewe. "Lakini siwezi kumpa mtu pesa kwa maneno. Nataka uthibitisho kwamba zimetoka kwenye akaunti yenu."

Wakati huo Taratibu alikuwa amesimama kwenye kaunta ya tawi la mji mwingine, buti zina vumbi. Alichukua taarifa ya akaunti yenye mhuri, inayoonyesha kila fungu, tarehe yake na namba yake ya kumbukumbu, akaipiga picha na kumtumia mkewe. Mhasibu akalinganisha mstari kwa mstari, akahamishia pesa kwa mwanafunzi wake, akatoa stakabadhi.

Kijana wa kaunta akamkumbusha Taratibu: "Mzee, yaliyokwisha kulipwa shule ndiyo imeyarekebisha. Fungu lililobaki litakwenda na maelezo yale yale usipobadilisha agizo."

Taratibu akaomba fomu ya mabadiliko. Akampigia mkewe, akamwambia asome namba ya usajili, na kila tarakimu aliirudia kabla ya kuiandika, kama anavyogonga matairi. Foleni nyuma yake ikaanza kuguna. Hakugeuka.

Jumatatu Bibi aliingia chumba cha mtihani. Mlangoni alisimama mhasibu na orodha yake, akitia alama. Ilipofika zamu ya Bibi, hakutazama karatasi.

"Pita, Bibi," alisema.

Wenzake wote wakasikia, na kuanzia siku hiyo shule nzima ikamwita hivyo.