Jina la Ghati

Chumba cha falsafa pale chuoni Musoma kimekuwa kimya tangu mwalimu wetu mzee aondoke. Alikuwa na mazoea ya kusaga chaki kwa kidole gumba, kisha kuuliza kwa sauti ya chini: "Chaki imeenda wapi, na vumbi limetoka wapi? Kilichopo hakiwezi kuishia kwenye utupu, wala kutoka humo." Ndiyo maana, alisema, mwanafalsafa Mgiriki wa Elea aliyakana mabadiliko kabisa, ilhali mwenzake wa Efeso alisema kwamba mto hubaki mto kwa kuwa maji yake yanapita.

Yeye alishikamana na wa Elea, hasa baada ya mkewe Ghati kufariki. Nilikuwepo nyumbani kwake, mtaa wa Nyasho, siku binti yake alipomletea mtoto wake mchanga aliyekuwa akilia bila kukoma.

"Baba, analiaga hivi kwa sababu anataka jina la marehemu mama. Mpe."

"Nikimpa, mama yako atakuwa ameisha."

"Na usipompa, nani ataitwa Ghati tena humu ndani?"

Mzee alitazama vidole vyake vyeupe kwa chaki. Halafu akainama, kama babu yeyote wa huku amwitavyo mjukuu mwenye jina la bibi yake: "Ghati, mke wangu, karibu nyumbani." Mtoto akazidi kulia. Mzee akamwita tena, taratibu, mpaka sauti yake mwenyewe ikalizoea jina hilo.

Sasa mzee anaishi Kiabakari, kwa binti yake, pamoja na Ghati mdogo.