Maneno ya Mama Yaliyozibwa na Upepo

Mama hakufika kwenye kilio cha shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa, kule Kilwa ng'ambo ya ziwa, na kwa muda mrefu dada yake hakumsemesha. Siku moja akaazima simu yangu, akaenda peke yake ufukweni hapa Nchelenge. Nyumbani tulikuwa wengi, hakutaka kuomba msamaha mbele ya wakwe. Akairekodi sauti yake, akaituma kwa dada yake.

Jibu la mama mukubwa lilikuwa fupi. "Nasikia mupepo tu. Kama hauna la kusema, acha."

Mama aliniambia hayo akiwa amekaa chini, kitenge kimemfunika mabega. Nikaisikiliza. Kweli, ni ngurumo tupu ya upepo, na pale alipobadilisha mkono, krr-krr ya vidole juu ya simu.

"Hii haisafishiki," nikamwambia. "Itabidi useme tena, mama."

"Nilishasema. Mara moja ilinichosha."

Sikumlazimisha. Mimi hurekodi kwaya yetu kwa mikro, kipaza sauti kidogo cha kubana kwenye nguo, na upepo wa ziwa umenitesa sana. Nikakata kipande cha sponji ya godoro kuukuu, nikakipasua katikati na kuivalisha mikro. Juu yake nikafunga kwa uzi kipande cha manyoya kutoka kofia ya koti la mtoto, bila kukaza, ili hewa ipotelee kwenye manyoya kabla ya kufika ndani.

Siku ya tatu mama akasema mwenyewe, "Twende."

Nikamkalisha nyuma ya banda la samaki, mgongo wake ukielekea ziwani, ili mwili wake uzuie upepo. Mikro nikaibana kifuani, chini kidogo ya kidevu.

"Toa shanga, mama. Zinagonga."

Akazitoa. Waya nikaukunja kitanzi kidogo, nikaubandika kwa utepe wa karatasi wenye gundi ndani ya nguo, ili ukivutwa mkwaruzo usifike kwenye mikro. Simu nikailaza juu ya kitenge kilichokunjwa, asiishike mtu. Nikamwomba ahesabu, nikasikiliza kwa visikizi vya masikioni. Upepo ulibaki kwa mbali, kama mtu anayepumua chumba cha pili.

"Sasa sema. Mimi naenda kule."

"Baki," akasema. "Nikikwama katikati, unishike."

Hakukwama. Alisema, "Yaya, dada yangu, niliogopa. Sikuwa na nguo ya kuvaa mbele ya watu wa bwana yako, nikaona haya. Nikasema nilikuwa mgonjwa. Nilikudanganya." Kisha akalia taratibu, na kilio nacho kikarekodiwa, kila pumzi.

Nikauliza kama nikate mwisho.

"Acha. Na yeye alilia peke yake."

Tukaituma, na jibu lilifika jioni. Mama mukubwa alimwita mama kwa jina la utotoni, ambalo sikuwahi kulisikia, kisha akamuuliza kama bado anaumwa goti.