Hisa Mia za Mama wa Eda

Asubuhi ya kulipa gawio, wanahisa wa kampuni yetu ya kukusanya mboga, hapa Lushoto, walikuwa wamejaa uani kama harusini. Mimi mhasibu wao nilikuwa ndani, nakagua orodha ya malipo kwa mara ya mwisho, na nikiwa na hesabu mbele yangu sina urafiki.

Hesabu yenyewe ilikuwa nyepesi. Hisa elfu arobaini, gawio shilingi mia na hamsini kwa kila hisa: milioni sita. Kodi ya zuio asilimia kumi, laki sita. Wanahisa wabaki na milioni tano na laki nne. Lakini nilipojumlisha kodi ya mtu mmoja mmoja, ilipungua shilingi elfu moja na mia tano.

Mwenyekiti akacheka, akatia mkono mfukoni. "Mama, shika hii elfu mbili, chenji kunywea chai. Watu wanasubiri!"

"Mzee wangu, shikamoo yako naitoa kila siku, lakini hiyo hela rudisha," nikamwambia. "Kodi ya elfu na mia tano ni gawio la elfu kumi na tano. Hizo ni hisa mia. Kuna mtu mzima hayumo humu."

Nikafungua daftari la wanahisa, nikalilinganisha na orodha jina kwa jina. Sikwenda mbali. Mwanahisa mmoja wa Malindi, kata ya hapa hapa Lushoto, alikuwa amefariki, na hisa zake mia nane zimegawanywa kimirathi: watoto wamepata mia saba, mjane mia, sehemu yake moja ya nane. Watoto wote walikuwemo kwenye orodha. Mama hayumo.

Karani aliyeandaa orodha akainamisha kichwa. "Yuko eda, dada. Namba ya simu ya malipo sina, na mimi mwanamume nikamwombe vipi? Nikaona tumsitiri kwanza."

Nilitaka kukasirika, nikashindwa, nikacheka. Heshima tupu, na mwenye haki kafutwa! Nikarudisha mstari wake, jumla zote zikakubaliana, malipo yakaanza. Yule mjane nikamfuata mwenyewe jioni.

Nilimkuta chumbani, amejitanda kanga nyeupe. Baada ya shikamoo na pole nikamweleza: gawio lake elfu kumi na tano, mkononi elfu kumi na tatu na mia tano.

"Hiyo nyingine?"

"Kodi, mama. Inakatwa kwa kila mwanahisa."

"Hata kwa mwenyekiti?"

"Hata yeye."

Nikajua sasa atalalamika, maana wote walikuwa wamelalamika mchana kutwa. Badala yake akatabasamu, akajiweka sawa kwenye mkeka.

"Miaka yote jina lilikuwa la baba yao, ingawa shamba tulilima wote," akasema. "Kama na mimi nimekatwa, basi nimo."