Mkono Begani

Fundi wa kadi za kumbukumbu za mazishi alikuza uso wa marehemu kutoka picha ya ukoo iliyotumwa kwa simu, ukawa uji mtupu. Akaiachia kompyuta iusafishe. Ukatoka uso wa binti anayeng'aa, meno yamejipanga sawasawa.

"Mzuri," mama mzazi alisema, "ila simjui."

Fundi alijilaani kimoyomoyo. Aliporudia picha ya simu, aliona mashine ilikuwa imeziba pengo la meno la mtoto wa watu.

"Mama, ile picha yenyewe ya karatasi unayo?"

Aliitoa mkobani. Fundi akaiskani kwa kiwango cha juu, akauchapa uso mdogo kama kibiriti, maana ukivutwa zaidi ungefifia. Pengo likarudi. Mama akaangua kilio.

"Na huu mkono begani kwake, niufute?"

"Uache, fundi. Ni wangu huo."