Kadi za Wifi

Mwaka niliokuwa kidato cha nne, nyumba yetu ya Milanzi, huku juu Ufipa, ilikuwa na watahiniwa wawili: mimi, na mke wa kaka yangu. Wifi alikuwa mzaliwa wa Kasanga, kule chini ziwani. Mtihani wake wa kwanza aliufanya akiwa na ujauzito mkubwa, akapata sifuri. Baada ya hapo akaolewa, akalea, akalima ulezi na mama yangu, na watu wakasahau kwamba aliwahi kuvaa sare ya shule. Yeye hakusahau. Mtoto alipoanza chekechea, alimwambia kaka anataka kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, maana alikuwa na nia ya kusomea uuguzi.

Kaka alikubali. Baba alinyamaza, na kwa baba yangu kunyamaza si kukubali.

Jioni wifi alikuwa akienda kwenye kituo cha wanaorudia mitihani, Katandala. Siku moja alirudi na vipande vya manila vilivyokatwa sawasawa, akaomba boksi la viatu vya kaka. Akaligawa kwa makaratasi magumu, likawa na vyumba vitano.

"Ni nini hicho, wifi?" nikamuuliza.

"Ratiba. Mwalimu wetu wa baiolojia katufundisha." Akanionyesha kadi moja. Mbele kulikuwa na swali juu ya kazi ya figo, nyuma jibu. "Kila kadi inaanzia chumba cha kwanza, na hicho nakipitia kila siku. Nikijibu sawa, kadi inasogea cha pili, naiona tena baada ya siku tatu. Nikipata tena, inakwenda cha tatu, naisubiri wiki. Cha nne ni wiki mbili. Cha tano, mwezi."

"Na ukikosa?"

"Inarudi cha kwanza. Hata kama ilishafika cha tano."

Niliona ni mchezo wa watoto. Mimi nilikuwa msomaji wa kukesha: nafungua daftari, nasoma mada nzima mara tatu, napiga mstari kwa kalamu nyekundu, nalala nikiwa na uhakika. Wifi alikaa na boksi lake muda mfupi tu, wakati maharage yakichemka, kisha akalifunika na kuendelea na kazi zake.

Baba hakuvumilia. Jioni moja alimkuta anapeta ulezi na mama.

"Mkwe wangu, huo mtihani utajisomea wenyewe?"

Wifi akapiga goti kidogo. "Shikamoo, baba. Za leo nimezimaliza. Zilizobaki hazijafikia siku yake."

"Kitabu nacho kina siku yake?"

"Ndiyo, baba. Nikirudia leo nilichokisoma jana na bado nakikumbuka vizuri, napoteza muda. Nangoja kianze kunitoroka kidogo, ndipo nakivuta. Mwalimu anasema kule kukivuta ndiko kunakokifanya kikae."

Baba aliondoka akitikisa kichwa. Mama alicheka tu, akaendelea kupeta.

Kilichonibadilisha ni mtihani wa majaribio, mwezi ule wa baridi ambapo upepo wa Ufipa unapenya hata sweta mbili. Mada za karibuni nilizijibu kama maji. Mada za kidato cha pili, nilizozipigia mistari myekundu mwenyewe, ziliniangalia nami nikaziangalia. Nilikuwa nazitambua kama unavyotambua sura ya mtu sokoni bila kujua anaitwa nani. Nilirudi nyumbani nikijiona mdogo. Wifi hakusema "si nilikwambia." Alinisogezea kigoda.

"Tatizo lako ukisoma unaona jibu," akasema. "Mimi jibu nimelificha nyuma. Lazima nilitafute kichwani kwanza, nilitamke, ndipo nigeuze."

Nikatengeneza boksi langu. Yale maswali yalikuwa kwa Kiingereza kama mtihani wenyewe, lakini wifi alikuwa na kaida yake: akishajibu kwa Kiingereza, alimweleza mama kwa Kiswahili. Hivyo ndivyo mama yangu, ambaye sala na maongezi yake ni ya Kifipa, alivyokuja kujua damu inachujwa wapi. "Kumbe hii figo ni chekeche!" alishangaa, na neno hilo likaingia kwenye kadi.

Kisha, mvua za kwanza zikiwa bado mbali, simu ikapigwa kutoka Kasanga. Mama yake wifi alikuwa amezidiwa. Wifi alishuka na gari la asubuhi, mtoto mgongoni, boksi ndani ya kikapu. Alikaa huko majuma kadhaa akiuguza, akipika, akipokea wageni. Boksi halikufunguliwa.

Mama yake alipata nafuu. Wifi alirudi na migebuka mikavu, samaki wa ziwani kwao, ya kutugawia, akiwa amekonda. Alipofunua boksi usiku haukuwa umeingia bado. Nilimwona uso ukibadilika. Karibu kila kadi ilikuwa imepitisha siku yake.

"Zimelundikana, wifi. Nianzie wapi? Bora nirudi kusoma daftari zote tangu mwanzo."

"Daftari zote hazitaisha," nikamjibu. "Tukamuulize mwalimu."

Tukaenda wote Katandala. Mwalimu wake, mwanaume mpole mwenye chaki hadi kwenye mikono ya koti, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Usiongeze kadi mpya hata moja mpaka mrundikano uishe," akamwambia. "Anza na vyumba vya mwanzo, zile ndizo changa. Kila siku kiasi unachokiweza. Uliyoikosa irudi cha kwanza bila kuionea huruma. Uliyoikumbuka baada ya kukaa muda wote huo, isogeze mbele. Hiyo imekomaa."

Tulifanya hivyo. Kadi changa zilikuwa zimemfutika kichwani nyingi sana, nikaogopa kwa niaba yake. Lakini tulipofika chumba cha nne na cha tano, wifi alianza kujibu. Swali, jibu. Swali, jibu. Mambo aliyoyajifunza miezi mingi nyuma, na katikati yake kulikuwa na ugonjwa, wageni na safari, yalitoka kinywani mwake mazima. Alisimama, akacheka, kisha akafunika uso kwa khanga.

Hapo mlangoni alikuwa amesimama baba. Sijui alikuwapo tangu lini. Alivuta kiti, akachukua kadi moja, akaisoma kwa taabu, herufi baada ya herufi.

"Na hii?"

Wifi akajibu. Baba akageuza kadi, akalinganisha. "Endelea," akasema, na kuanzia siku hiyo yeye ndiye alikuwa akishika kadi.

Kwa ushauri wa mwalimu, majuma ya mwisho tulifupisha vipindi virefu, ili kila kadi ionekane tena karibu na siku ya somo lake, kwa sababu kadi ambayo ingesubiri mpaka baada ya mtihani isingekuwa na kazi. Usiku wa kuamkia mtihani wifi alilala mapema. Mimi pia nililala.

Matokeo yalipotoka, kaka ndiye aliyeyasoma kwenye simu uani. Mimi daraja la pili. Wifi la tatu, na masomo yote ya sayansi amefaulu. Mama alipiga vigelegele hadi majirani wakatoka. Wifi akaenda kwa baba, akapiga goti. Baba alimwinua.

"Mwanangu," akamwambia, si mkwe, "nani atakulelea mtoto ukienda chuoni?"

"Sijui, baba."

"Sisi tupo."

Nimewajua watu wengi wenye akili tangu siku zile. Sijamwona mwingine aliyeangushwa, akaachishwa njiani, akarudi kukaa chini na kuokota kimoja kimoja kwa utulivu kama ule.