Mwenzangu wa Jumamosi Saa Saba

Nilimwona mwenzangu kwa mbali, amelala kando ya barabara ya kwenda Kinama, na shati lake jeupe la mikono mifupi. Lile shati alikuwa halivai kazini. Kila Jumamosi alilibeba ndani ya mfuko wa plastiki, akalivaa tukisha kunawa vumbi la simenti, kwa sababu siku ile tulikuwa na maswali yetu. Mama wa chai alinishika mkono kwa nguvu zote. «Usisogee. Wale vijana bado wako kwenye bariyeri, wameziba njia. Ukienda, mtalala wawili.» Mi nikasimama. Nilimwangalia mtu aliyekufa akinitafuta, nami sikuweza hata kumfunika uso. Tulimchukua kesho yake, wakati askari walipokuja wakafungua njia.

Ninaandika polepole, shule niliishia darasa la tano. Lakini haya hakuna mwingine wa kuyaandika.

Tulikuwa makuli bandarini. Tulipakua maboti ya Kigoma na ya Kalemie: simenti, chumvi, unga, mafuta ya mawese. Na tulikunywa. Si pombe ya ndizi ya siku ya harusi, nasema kanyanga, ile kali, aliyotuuzia kapita wetu mwenyewe kutoka nyuma ya hangari, lile ghala la mizigo. Ndiye aliyegawa kazi asubuhi, na ndiye aliyejaza chupa mchana. Asiyekunywa kwake alijikuta hana zamu kesho yake. Basi tulikunywa.

Siku moja nikaanguka kutoka kwenye ubao wa kupandia boti, nikaingia majini kati ya boti na ukuta. Yeye akaruka kunivuta. Tulikuwa tumelewa wote wawili. Hata leo sijui nani alimwokoa nani. Tulipokaa pale juu tunatapika maji, akaniambia, «Ndugu, sisi tutakufa kwa upuzi. Watu wanakufa kwa vita, sisi tutakufa kwa upuzi.»

Alikuwa amesoma kuliko mimi, alifika sekondari kule Uvira. Akanunua daftari la kurasa arobaini. Akasema kila mmoja atamwuliza mwenzake, na mwenzake atajibu ukweli. Mwanzo tukafanya kila siku. Haikufaa. Kila siku tulikuwa tumechoka, tunajibu «vizuri, vizuri» kama watu wanaosalimiana njiani, halafu kila mtu anakwenda zake. Tukaona bora mara moja kwa wiki, siku moja isiyohama. Tukachagua Jumamosi, kwa sababu kazi iliisha saa sita na mshahara wa wiki ulitolewa siku ile. Hiyo ndiyo saa mguu wa mlevi unajiendea wenyewe. Saa saba, kwenye banda la mama wa chai, nje ya geti la bandari. Yule mama alikaa Kinama kama mimi. Yeye mwenzangu alikaa Buyenzi na mke wake.

Maswali yalianza kumi na mawili. Mama wa chai alicheka mpaka akaweka birika chini. «Nyie mnaacha pombe ao mnatafuta kazi ya polisi?» Tukayapunguza. Moja lilisema, je, wiki hii umekuwa na nguvu? Tukalifuta, maana kila Jumamosi jibu lilikuwa ndiyo, na ndiyo ile haikutufundisha kitu. Mahali pake akaandika: siku gani ilikuwa ngumu, saa ngapi, na saa ile ulifanya nini? Hapo ndipo maneno yalianza kutoka. Mimi nikagundua kwamba siku yangu ngumu ni siku boti la Uvira linapofika, kwa sababu linaleta habari za nyumbani. Yeye siku yake ngumu ilikuwa Jumapili, hana kazi, amekaa anaangalia ukuta.

Yalibaki matano. Umekunywa? Siku gani ilikuwa ngumu? Ulikuwa na nani? Nyumbani umewatendea namna gani? Wiki inayokuja utafanya kitu gani kimoja? Kimoja tu, si vitatu, na kiwe kitu kinachoonekana, kama kupitia geti lingine ili usipite nyuma ya hangari. Jumamosi inayofuata tulianza na hicho: ulikifanya ao hukukifanya?

Tena kulikuwa na sheria. Anayeuliza hahubiri, anasikiliza mpaka maswali yaishe. Aliyeanguka anakuja vilevile, hata akinuka, hata akitambaa. Na ya mwisho, aliyoiandika yeye, akaipigia mstari chini: asiyefika, mwenzake amngoje mpaka saa nane, halafu amfuate siku ileile, asingoje kesho. Alisema kesho ndiyo inayoua walevi.

Vita vikapanda mitaa ya kaskazini. Kuna siku njia ya Kinama ilifunguka na siku ilifungwa, na vijana wakaweka magogo barabarani, wakawa na mapanga na magurunadi, yale mabomu ya mkono, wakauliza kila mtu anakwenda wapi na kwa nani. Sisi tulikuwa tumebadilisha maswali mara nne, lakini ile sheria ya mwisho hatukuigusa. Ilikuwa ya wakati ambao mtu anaweza kutembea. Hatukukaa hata mara moja kusema: jamani, njia ikifungwa je? Kosa hilo ni letu wote wawili, na mimi nabeba fungu langu.

Miezi saba hatukunywa. Makuli wengine wawili wakaanza kuuliza kama wanaweza kufanya yao. Kapita akaona chupa zinabaki, lakini kwa vita makuli walikuwa haba, hakuweza kutunyima zamu. Akatuita maaskofu. «Maaskofu wangu, leo mnaungama nini?» Tulicheka naye. Ndiyo, tulicheka.

Ijumaa moja boti la Uvira likaleta habari kwamba mama yangu amezikwa wiki mbili zilizopita. Mwenzangu alikuwa zamu ya upande mwingine, sikumwona. Kapita ndiye alinikuta nimekaa juu ya magunia. Akaja na chupa, akakaa karibu yangu kama ndugu, akaniwekea mkono begani.

«Pole sana, sha. Hii si ya kulewa. Hii ni ya msiba. Mama anazikwa na koo kavu?»

Nilikunywa. Hakunifungua mdomo kwa nguvu. Nililala palepale hangarini, na asubuhi nikaendelea kunywa.

Jumamosi saa saba nilikuwa nyuma ya magunia ya simenti. Sikuwa nimelala. Watu wote hudhani nilikuwa nimelala, na kwa miaka mingi niliwaacha wadhani. Nilikuwa macho, nimelewa lakini macho, na nilijua ni saa saba maana king'ora cha bandari kilikuwa kimelia cha saa sita zamani. Nilijua sheria inasema nije hata nikinuka. Niliona haya. Miezi saba yote, na nitamwambiaje? Nikasema nitakwenda wiki ijayo.

Baada ya saa nane nikasikia sauti yake mlangoni mwa hangari.

«Kapita, mwenzangu umemwona?»

«Askofu mwenzako? Apana. Amesha kwenda kwake, Kinama.»

«Lini?»

«Asubuhi. Alisema anasikia vibaya. Mfuate, si ndiyo sheria yenu?»

Hatua kumi na tano, labda ishirini, kati yangu na yeye. Mdomo wangu ulikuwa na ulimi. Ningekohoa tu. Kapita aligeuka akanitazama pale nilipojificha, akaweka kidole mdomoni, akatabasamu, kama tunafanya mchezo wa watoto. Nami nikanyamaza. Nilimshukuru hata, moyoni. Nilifikiri ananificha aibu yangu.

Lakini kapita alijua njia imefungwa. Hilo ndilo sijalimeza mpaka leo. Mimi tangu Ijumaa nilikuwa na chupa, sikujua kitu. Yeye, ambaye wakati ule alikaa upande uleule wa juu, alilala bandarini siku tatu kuanzia Jumamosi ile, kwa sababu asubuhi dereva wa lori alimwambia kwamba vijana wamerudi kwenye bariyeri na wanachinja. Asubuhi ileile aliwazuia wakwe zake wasipande. Wakwe zake wenyewe ndio walinisimulia.

Mama wa chai alishuka alfajiri, kabla vijana hawajarudi, na bandani pake hakuwa amesikia chochote. Alifunga, akatembea na mwenzangu kurudi juu Kinama, akamwambia njiani, «Baba, mwache, atakuja Jumatatu kazini.» Akamjibu, «Mama, tuliandika siku ileile.» Walipofika karibu na magogo, yule mama alijulikana pale, wakampitisha. Mwenzangu wakamwuliza anakwenda kwa nani. Akawaambia ukweli: kwa rafiki yangu, nina wasiwasi, labda ameanza tena kunywa. Wakacheka. Mmoja akasema, «Mutu anakuja Kinama kwa sababu ya mulevi? We ni mupelelezi.» Mama alisikia hayo akiwa amewapa mgongo, hakuthubutu kugeuka. Alipita vichochoro akarudi upande wa chini wa magogo, kwenye njia ya kutoka bandarini, kuzuia wengine, na ndiye aliyenikamata mkono mimi saa kumi na moja, nilipofika kutoka hangarini, natembea kama mtu mwenye haki ya kwenda kwake.

Wale vijana siwajui. Nikiwajua ningewataja kwa mtaa na kwa nyumba. Kapita namjua.

Nilikaa miaka sita kabla ya kwenda Buyenzi kwa mjane wake. Nilipita mlango ule mara nyingi nikienda msikitini kwenye mazishi ya jirani zangu, nikageuza uso. Siku nilipokwenda nilimwambia yote, na magunia, na saa, na kwamba nilikuwa macho. Alikuwa anachambua maharage. Hakuacha kuchambua. Nilipomaliza akaniuliza, «Shemeji, ulisikia sauti yake?»

«Nilisikia.»

«Ilikuwa namna gani?»

Nikasema ilikuwa ya mtu mwenye haraka. Akatoa jiwe kwenye maharage, akalitupa. Halafu akasema, «We umekuja. Umechelewa sana, na sijui kama nitakusamehe, lakini umekuja. Na yule mwingine? Yeye alimwambia nini mume wangu, kwa mdomo wake?»

Nikaenda kwa kapita. Siku hizi anakaa Kinanira, ana geti la chuma, anasimamia harusi za watu, anashika maikrofoni. Alinikaribisha soda. Nikamwambia, mjane anauliza ulimwambia nini mume wake. Akacheka kidogo, si sana.

«Sha, we bado uko na mambo ya zamani? Ilikuwa utani. Nani alijua atakwenda kweli?»

«Wewe ulijua. Ulimwambia anifuate.»

«Na we ulikuwa wapi? Si ulikuwa pale?»

Nilikuwa pale. Nimesema mbele ya mjane, nasema mbele ya anayesoma hapa, na kila atakayeniuliza nitamwambia hivyohivyo. Ile, kapita, haikuondolei fungu lako. Ulikuwa na kanyanga ya kuuza, na watu wawili walikuwa wameacha kununua, na wengine wawili walikuwa wanafuata. Ulijua njia imefungwa, ukamtuma.

Sikutaki mahakamani. Sina nguvu za mahakama, na waliouliza habari za vita walitaka wafu wengi kwa pamoja, si mmoja. Nataka kitu kidogo zaidi, na ndicho unachokikimbia. Nyumba ya mjane ni ileile, Buyenzi, mlango wa kijani. Nenda mchana, nenda bila mimi ukitaka. Kaa mbele yake, umwambie maneno uliyomwambia mume wake, yote, na uliyojua ulipoyasema. Anangoja kuyasikia kutoka kwako, na mimi nitakuuliza kila nikikuona, harusini, sokoni, mbele ya watoto wako: umeenda?